Kutoka Slaidi 18 hadi Beti Tatu: Namna ya Kuligeuza Somo la Kunawa Mikono kuwa Wimbo wa Watoto

Wakazi wengi wa kata zetu wamekwisha kuliona somo la kunawa mikono likionyeshwa kwa slaidi, ama shuleni, ama katika mkutano wa kijiji, ama kwenye zahanati siku ya kliniki ya watoto. Somo hilo limeandaliwa kwa ajili ya watu wazima wanaojua kusoma. Mtoto wa darasa la awali hutazama picha, hucheka katuni ya kidudu chenye meno, kisha hurudi nyumbani bila kukumbuka kiganja kinatangulia au kucha. Ndiyo maana walimu na wahudumu wa afya ngazi ya jamii hupenda kuligeuza somo kuwa wimbo.

Hata hivyo, nyimbo nyingi zinazotungwa husifu usafi tu, wala hazimwambii mtoto afanye nini. Mtoto anaweza kuuimba wimbo wa namna hiyo mwaka mzima huku akinawa kwa maji matupu, kwa kuwa sabuni haikutajwa. Alichoachiwa na wimbo ndicho anachokifanya, na lililosahauliwa katika ubeti litasahauliwa pia penye maji. Makala haya yanaeleza hatua kwa hatua jinsi somo la slaidi 18 linavyoweza kupunguzwa hadi mishororo 12, na jinsi ya kupima kama mishororo hiyo inafanya kazi yake.

Kuchuja slaidi

Tuchukue somo la kawaida lenye mpangilio huu. Slaidi ya 1 na ya 2 zina jina la somo na malengo. Ya 3 hadi ya 8 zinaeleza vimelea vya magonjwa, njia vinavyopita kutoka kinyesini hadi kinywani, na maradhi yanayotokea, kama vile kuhara, kipindupindu na minyoo. Ya 9 na ya 10 zinataja nyakati za kunawa. Ya 11 inataja vifaa. Ya 12 hadi ya 15 zinaonyesha hatua za kunawa, na ya 16 inaonyesha makosa ya kawaida. Ya 17 inaeleza jinsi ya kutengeneza kibuyu chirizi, na ya 18 ni marudio.

Mbele ya kila slaidi, mtungaji ajiulize swali moja: baada ya kuiona hii, mtoto atafanya nini kwa mikono yake? Ikiwa hakuna la kufanya, slaidi hiyo si ya wimbo. Itabaki kuwa maelezo ya mwalimu au ya mzazi. Kwa kipimo hicho slaidi za vimelea na maradhi zote zinaondoka. Haziondoki kwa kuwa ni za uongo, bali kwa sababu mtoto wa miaka mitano hawezi kufanya lolote kwa neno “bakteria”. Slaidi ya kibuyu chirizi nayo inaondoka, maana anayekitengeneza ni mtu mzima. Vifaa vya slaidi ya 11 vinaingia kwa neno moja tu, nalo ni sabuni.

Zinabaki nyakati, hatua na makosa. Katika nyakati, mafundisho ya afya hutaja tano: baada ya kutoka chooni, baada ya kumtawaza mtoto, kabla ya kuandaa chakula, kabla ya kula, na kabla ya kumlisha mtoto. Mbili kati ya hizo ndizo za mtoto mdogo mwenyewe, yaani baada ya choo na kabla ya kula. Wimbo utazishika hizo mbili tu. Mtoto aliyepewa nyakati tano huzichanganya zote, lakini aliyepewa mbili huzitenda.

Kupanga mizani na vina

Msikilizaji wa Kiswahili ana sikio lililozoea mizani 8 katika kipande kimoja cha shairi. Kipimo hicho kinawafaa watoto, kwa kuwa mizani 8 huenda na mapigo manne ya makofi, mizani mbili kwa kila pigo, na pumzi ya mtoto huutosha mshororo mzima. Mizani ni silabi zinazotamkwa, na herufi “m” inayosimama peke yake huhesabiwa. Kwa hiyo “msalani” ni m-sa-la-ni, mizani 4, na “mtoto” ni m-to-to, mizani 3.

Kina ni sauti inayorudi mwishoni mwa kila mshororo. Hapo ndipo kumbukumbu ya mtoto hushika kwa nguvu zaidi. Maneno ya katikati anaweza kuyameza au kuyabadilisha, lakini neno la kina huliimba kwa sauti kuu, kwa sababu sikio linalingoja. Basi neno lisilopaswa kupotea liwekwe hapo. Katika somo letu neno hilo ni “sabuni”. Kwa bahati njema linaishia na “ni”, sawa na “msalani” na “kinywani”. Ubeti wa kwanza, ambao ni wa nyakati, ukajengwa hivi:

Nikitoka msalani,
Kabla ya tonge kinywani,
Maji matupu ya nini?
Ninanawa kwa sabuni.

Kila mshororo una mizani 8. Katika kuuandaa ubeti huu mshororo wa pili ulikuja kwanza kwa namna nyingine: “Kabla sijala nyumbani.” Mizani ilitimia na kina kilipatana, lakini maana iliharibika, kwa kuwa mtoto angeelewa kwamba uji wa shuleni na muhogo wa njiani haumo. Neno “nyumbani” lilikuwa limeitwa na kina, halikuitwa na somo. Hilo ndilo kosa la kwanza la kujihadhari nalo. Mshororo ukishakamilika, mtungaji aliulize kila neno la mwisho kama lingekuwapo hata pasipokuwa na kina. Lisipokuwa na jibu, litafutwe jingine. “Tonge kinywani” lilikubaliwa kwa sababu linahusu kila mlo, popote unapoliwa.

Kosa la pili ni mishororo ya sifa. “Afya bora ndiyo dira, usafi ndio imara” ina mizani 8 kila upande na vina safi. Lakini mtoto anapouimba, mikono yake haina la kufanya. Mishororo kama hiyo huwapendeza wageni siku ya sherehe, ila huchukua nafasi ya kiganja au ya kucha.

Ubeti wa povu

Ubeti wa pili ndio moyo wa wimbo, kwa kuwa huimbwa wakati mikono ina povu. Kwa kawaida hushauriwa kusugua kwa sekunde 20 hivi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kazi nzima, tangu kulowesha hadi kukausha, huchukua sekunde 40 hadi 60. Mtoto hana saa, kwa hiyo urefu wa ubeti ndio utakuwa saa yake.

Viganja navifikicha,
Migongo sitaiacha,
Vidole ni pachapacha,
Na gumba, mwisho ni kucha.

Mpangilio wa mishororo ni mpangilio wa mikono. Kwanza kiganja husuguana na kiganja. Pili, kiganja cha mkono mmoja husugua mgongo wa mkono wa pili, kisha hubadilishana. Tatu, vidole hupitishwa kati ya vidole vya mkono mwingine, kila kimoja kikimpata pacha wake. Nne, kidole gumba hushikwa na kuzungushwa ndani ya kiganja, kisha ncha za vidole zikwaruze kiganja ili povu liingie chini ya kucha. Neno “pachapacha” halijitoshelezi kwa masikio peke yake. Anayefundisha lazima alionyeshe kwa vidole vyake mara ya kwanza, na baada ya hapo watoto hawalisahau.

Mshororo mmoja ukiimbwa kwa mwendo wa kutembea huchukua kama sekunde mbili na nusu. Mishororo minne basi ingekuwa sekunde 10, yaani nusu tu ya muda unaotakiwa. Hapa utamaduni wetu wa kuimba kwa kupokezana unatusaidia. Kiongozi huimba mshororo na watoto huurudia. Kila kiungo cha mkono kinapata sekunde tano, na ubeti mzima unatimia kwa sekunde 20. Nyumbani, ambako kiongozi huenda hayupo, mtoto huuimba kila mshororo mara mbili mwenyewe.

Ubeti wa kusuuza

Maji yanachururika,
Povu lote laondoka,
Naipunga, yakauka,
Sare yangu sitashika.

Mishororo miwili ya mwanzo inasimamia kusuuza. Ya mwisho inatoka katika slaidi ya makosa. Watoto wengi hunawa vizuri kisha hujipangusa kwenye sare au kanga iliyoshinda vumbini, na uchafu hurudi palepale. Kwa kuwa shule nyingi hazina taulo safi kwa kila mtoto, njia rahisi ni kuipunga mikono hewani hadi ikauke. Mtoto akiimba “sare yangu sitashika” huku mikono yake ikiwa juu, hana njia ya kujipangusa pasipo kuuvunja wimbo wake mwenyewe, na wenzake watamcheka.

Izingatiwe kwamba maji hutiririka katika ubeti huu tu. Mtoto hulowesha mikono kabla ya kushika sabuni, kisha hufunga bomba au huondoa mguu kwenye kijiti cha kibuyu chirizi, na kuuimba ubeti wa povu maji yakiwa yamesimama. Pasipo utaratibu huo dumu la lita tano huisha kabla ya foleni ya watoto kufika nusu, na watakaobaki watanawa kwa haraka au wasinawe kabisa.

Kuufundisha

Sauti ya wimbo isitungwe upya. Watoto wana michezo yao ya makofi, na wimbo wowote wa mchezo wenye mapigo manne kwa mshororo utaipokea mishororo ya mizani 8 bila kulazimishwa. Wenyewe wataichagua sauti inayowafaa wakipewa nafasi, na ile waliyoichagua ndiyo watakayoiimba wakiwa peke yao.

Siku ya kwanza ufundishwe ubeti wa povu, wala si ule wa kwanza, kwa kuwa ndio wenye kazi nyingi za mikono. Kiongozi aimbe mshororo mmoja akionyesha kitendo, watoto waurudie wakikitenda, hadi mishororo yote minne ipite mikavu, bila maji. Siku ya pili uongezwe ubeti wa nyakati, na siku ya tatu ule wa kusuuza. Tangu siku ya nne wimbo wote uhamie penye maji. Wimbo unaoimbwa gwaride tu na kuishia hapo hujifunga na gwaride. Ukiimbwa kila siku mahali pa kunawia, mahali penyewe huwakumbusha watoto wimbo, na wimbo huwakumbusha kazi.

Kupima kama umeshika

Kuna njia tatu za kujua, na zote hazina gharama.

Ya kwanza ni saa. Watoto wakishauzoea wimbo huanza kuukimbiza. Anayefundisha atazame saa ya mkononi au ya simu tangu “Viganja” ya kwanza hadi “kucha” ya mwisho. Ikiwa ubeti umekwisha kwa sekunde 12 au 13, kiongozi aurudishe mwendo kwa kupiga mguu chini taratibu, maana makofi hayawezekani mikono ikiwa na povu. Asugue mara moja kwa kila pigo la mguu, na watoto wamfuate.

Ya pili ni kumsikiliza mtoto mmoja. Kundi la watoto 40 huficha mengi, kwa kuwa waliojua huwabeba wasiojua. Aitwe mmoja aimbe peke yake na kutenda. Akifika mshororo wa tatu akaimba sauti bila maneno, au akaimba “pachapacha” huku bado anasugua viganja, inajulikana pa kurudia. Vilevile aulizwe kwa maneno ya kawaida, pasipo wimbo: “Ukimaliza migongo, unasugua nini?” Anayelazimika kuanza wimbo tangu mwanzo ili apate jibu ameushika wimbo, na hilo si baya. Anayeuimba vizuri na bado asijue mikono iende wapi hajalishika somo.

Ya tatu ni masizi. Chukua masizi ya chini ya sufuria, uyachanganye na matone machache ya mafuta ya kupikia, na umpake mtoto nyembamba kwenye mikono yote miwili, pamoja na katikati ya vidole na kwenye ncha zake. Asiwe na jeraha mkononi, wala asijiguse macho. Kwanza anawe kwa maji matupu. Masizi yatateleza huku na huku lakini hayatoki, kwa kuwa maji hayashikani na mafuta. Kisha apake sabuni na kuuimba ubeti wa povu. Chembe za sabuni zina upande mmoja unaoshika mafuta na upande mwingine unaoshika maji, hivyo masizi hubebwa pamoja na povu na kuondoka wakati wa kusuuza. Watoto wote waliosimama kuzunguka wanakuwa wameliona jibu la swali “Maji matupu ya nini?” kwa macho yao.

Baada ya hapo itazamwe ni wapi weusi umebaki. Mara nyingi utaonekana kwenye kidole gumba, katikati ya vidole na pembeni mwa kucha, sehemu ambazo watu wazima pia huziruka. Weusi ukibaki kwenye gumba kwa watoto wengi, ni dalili kwamba mshororo wa nne unaimbwa haraka, au unatendwa nusu. Pasipofaa pasahihishwe kwa kurudia mshororo huo peke yake siku mbili, wala isiwepo haja ya kuufundisha wimbo wote upya.

Mpaka wa wimbo

Wimbo huu hauleti maji wala sabuni. Mtoto anayeimba “Ninanawa kwa sabuni” akafika nyumbani akakuta hakuna, baada ya siku chache atajifunza kwamba wimbo ni wa shuleni. Kwa hiyo kazi ya mzazi na ya kamati ya shule ni kuhakikisha kwamba sabuni iko karibu na maji, mahali ambapo mkono wa mtoto unafika. Si lazima iwe ya kipande. Sabuni ya unga kidogo ikiyeyushwa katika chupa ya plastiki yenye maji, na kifuniko kikatobolewa, hutosha kunawia. Tena ile chupa ikifungwa kwa kamba kwenye nguzo ya kibuyu chirizi, haichukuliwi na kunguru wala haiangukii mchangani. Maji ya baridi yanafaa sawasawa, hivyo hakuna haja ya kuyachemsha kwa ajili ya kunawa.

Vilevile, zile nyakati tatu zilizoachwa zina wenyewe. Katika nyumba nyingi dada wa miaka 10 au 12 ndiye anayemtawaza mdogo wake na kuwasha jiko mama akiwa shambani. Yeye anastahili ubeti wake wa nne. Walimu, wazazi na vijana wa kata wanaweza kuumalizia. Mshororo wa kwanza na wa pili ni hii, yenye kina cha “to”:

Nikitawaza mtoto,
Kabla ya chungu na moto,

Iongezwe miwili mingine ya mizani 8, mmoja utaje kumlisha mtoto na mwingine utaje sabuni. Kabla ya kuufundisha, kila mshororo uhesabiwe kwa vidole, uulizwe kama kina chake kimeitwa na somo, kisha uimbwe na mtu mmoja huku mwingine akitazama mikono yake.